Chishtiya au Suhrawardiya: tarika ipi usome ukitaka kuelewa mashehe na masultani

Anayetaka kuandika tasnifu, kuandaa darsa, au kujisomea tu namna tarika za kisufi zilivyokaa na watawala hulemewa na wingi wa majina. Akijaribu kuzisoma zote, huishia na orodha ya mashehe na miaka ya vifo vyao. Heri achague mbili zilizoishi katika nchi moja, karne moja, chini ya masultani wale wale, kisha aziweke ubavu kwa ubavu. Jozi inayofaa kuliko zote kwa kazi hiyo ni Chishtiya na Suhrawardiya katika Usultani wa Delhi, kuanzia mwanzo wa karne ya 13 hadi katikati ya karne ya 14.

Jozi hii inafaa kwa sababu karibu kila kitu kingine kinalingana. Zote ni za Kisuni. Zote zilitoka magharibi ya India: Chishtiya imepewa jina la mji wa Chisht karibu na Herat, na Suhrawardiya imetokana na Shihabuddin Umar Suhrawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1234. Ngazi zao ni zile zile: shehe juu, makhalifa aliowapa idhini ya kuchukua bai'a, kiapo cha utiifu, kwa niaba yake, kisha muridi wa kawaida. Hata kitabu cha taratibu walichofundisha kilikuwa kimoja, Awarif al-Maarif cha huyo Shihabuddin. Farid wa Ajodhan, shehe mkubwa wa Wachishti, ndicho alichomsomesha mwanafunzi wake Nizamuddin. Kwa hiyo tofauti yao usiitafute kwenye itikadi wala kwenye ngazi za uongozi. Itafute jikoni: uliza chakula cha wageni kinatoka wapi, na kinalala au hakilali ghalani.

Jiko la Multan na jiko la Ajodhan

Bahauddin Zakariya aliisimamisha Suhrawardiya mjini Multan na kuiongoza mpaka alipofariki mwaka 1262. Inasimuliwa kwamba alikaa na mwalimu wake Baghdad siku 17 tu kabla ya kupewa ukhalifa. Wanafunzi wa siku nyingi waliponung'unika, Shihabuddin aliwaambia kuwa wao wamekuja na kuni mbichi, Zakariya kaja na kuni kavu. Aliporudi Multan alijenga khanka, yaani nyumba ya masufi, yenye ghala la nafaka, hazina ya fedha, na vyumba vya wakazi na wageni. Alipokea mali na aliitunza. Liwali wa Multan alipopungukiwa na nafaka, alimwomba shehe na akapewa. Wachukuzi walipochota ghalani wakakuta mitungi ya sarafu za fedha katikati ya nafaka. Liwali akapeleka habari kwa shehe, naye akajibu kwamba mitungi aliijua, na aliitoa pamoja na nafaka kwa kukusudia.

Hapo serikali ndiyo inayomkopa shehe. Khanka yenye ghala inaweza kulisha mji wakati wa njaa na kumsaidia liwali anapokwama. Wamongoli walipouzingira Multan katikati ya miaka ya 1240, Zakariya ndiye aliyetoka kwenda kuzungumza nao ili mji ukombolewe kwa fedha. Asiye na hazina hawezi kufanya kazi hiyo.

Umbali wa siku chache kwa miguu, mjini Ajodhan (sasa Pakpattan), Farid alikaa na njaa. Muridi walipitisha bakuli la kuombea, zambili, nyumba hadi nyumba, na kilichopatikana ndicho kilichopikwa. Mara nyingine kilikuwa ni matunda ya mwituni yaliyochemshwa, na chumvi ikikosekana hawakuikopa. Kanuni ya Wachishti iliruhusu njia mbili za riziki: kulima kipande kidogo cha ardhi isiyo na mwenyewe, au kupokea futuhi, yaani zawadi ambayo hukuiomba wala hukuitazamia. Posho ya mwezi kutoka serikalini haikuruhusiwa, wala hati ya kijiji chenye kodi yake. Na futuhi yenyewe ilikuwa na sharti ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliona, nalo ni kwamba lazima iishe. Nizamuddin Auliya, mrithi wa Farid aliyekaa Ghiyathpur nje kidogo ya Delhi, alipokea zawadi nyingi sana kuliko mwalimu wake, na jiko lake lililisha umati kila siku. Lakini kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini alitaka ghala lifagiliwe likawa tupu.

Usidhani basi kwamba Wachishti walikuwa maskini na Wasuhrawardi matajiri. Ghiyathpur ya mwaka 1315 huenda ilipitisha mali isiyopungua ile ya Multan. Tofauti ni kwamba Multan mali ililala, Ghiyathpur ilipita. Mali inayolala ina daftari, ina mlinzi, ina mrithi, na siku moja sultani ataulizia hesabu yake.

Mlango na saa zake

Majengo yenyewe yanasema jambo hilo hilo. Khanka ya Multan ilikuwa na vyumba tofauti na saa maalumu za kumwona shehe. Si kila mpita njia aliingia, na Zakariya hakupenda makundi ya mafakiri wazururaji. Wachishti walikuwa na jamaatkhana, ukumbi mmoja mkubwa ambamo wote walilala, walisali na walikula pamoja sakafuni, na mlango haukufungwa hadi usiku mkuu. Ukitaka kujua kwa nini Chishtiya iliingia kwa wafumaji, watumwa na wachuuzi wa Delhi, wakati Suhrawardiya ilishika zaidi wafanyabiashara, maofisa na wenye ardhi wa Sindh na Punjab, huhitaji nadharia ndefu. Mtazame tu nani aliweza kuingia bila kuulizwa.

Sultani alipobisha hodi

Zakariya hakuona aibu kuingia katika siasa. Multan ilikuwa mikononi mwa Qubacha, na Delhi ikiwa ya sultani Iltutmish. Yeye na kadhi wa mji waliandika barua kwa Iltutmish wakimshtaki Qubacha. Barua zikakamatwa njiani. Kadhi akauawa. Zakariya alipoitwa na kuonyeshwa barua, hakukana, akasema ndiyo mwandiko wake na kwamba kaandika kwa amri ya Mungu. Qubacha akaagiza chakula kiletwe, akijua kuwa shehe hali katika nyumba za watu. Shehe akikataa, Qubacha atakuwa amepata kisingizio. Shehe akatia mkono sahanini akala, na hasira ya Qubacha ikakosa pa kushika. Mwaka 1228 Iltutmish aliiteka nchi ile, Qubacha akafa maji katika mto Indus, na Zakariya akapewa cheo cha Shehe wa Uislamu.

Hoja ya Wasuhrawardi ilikuwa wazi: mtawala akiachwa peke yake ataharibu, na raia mwenye shida anahitaji mtu anayeweza kumfikia. Rukn-i Alam, mjukuu wa Zakariya, alipokwenda kwa sultani mjini Delhi alisimama njiani ili watu waweke barua za malalamiko ndani ya machela yake. Sultani alizisoma zote na kutoa majibu kabla mgeni hajaondoka. Mtu wa kawaida alipata haki ambayo ofisini asingeipata.

Wachishti waliliona hilo pia, lakini waliogopa gharama yake. Katika hati za ukhalifa na wasia wa mdomo, khalifa alikatazwa kwenda mlangoni kwa wafalme. Kadhi Muhyiddin Kashani, mmoja wa makhalifa wa Nizamuddin, aliwahi kurarua hati zake za mali mbele ya shehe. Baadaye sultani Alauddin Khalji alitaka kumpa ukadhi wa Awadh. Kashani akaja kuomba shauri, na kule kuomba tu kukamuudhi shehe, kwa kuwa fikira ile isingeweza kuzaliwa bila kutamaniwa. Ukhalifa ukasimamishwa kwa muda wa mwaka mmoja kabla ya kurudishwa. Nizamuddin mwenyewe, inasimuliwa, alipopashwa habari kuwa sultani anataka kumzuru, alijibu kwamba nyumba yake ina milango miwili: sultani akiingia kwa huu, yeye atatoka kwa ule.

Asije mtu akadhani hiyo ilikuwa chuki ya serikali. Amir Khusrau, mshairi wa jumba la kifalme, alikuwa muridi mpenzi wa Nizamuddin, na wakuu wa jeshi walijaa ukumbini kwake. Muridi aliruhusiwa kutumikia serikali, khalifa hakuruhusiwa. Wengi wanaoandika kwamba "Wachishti walijitenga na dola" hukosea hapa, kwa kuwa hawatenganishi ngazi hizo mbili.

Mwaka 1320, kwa undani

Kama una nafasi ya kusoma tukio moja tu, soma hili. Mwaka 1320 Khusrau Khan alimuua sultani Mubarak Shah Khalji na kukaa juu ya kiti chake. Hakuwa na nasaba wala jeshi la kutegemea, basi akaifungua hazina na kugawa fedha ili kununua dua na ukimya wa mashehe. Nizamuddin alipelekewa sarafu za fedha, tanka, laki 5. Baada ya miezi michache Ghiyasuddin Tughluq akamshinda Khusrau, akaikuta hazina tupu, na akaagiza kila aliyepokea arudishe.

Waliokuwa wamezihifadhi fedha zile walizirudisha, na hesabu yao ikaisha. Nizamuddin hakuwa na cha kurudisha, maana fedha zilikwisha kugawanywa siku zilipofika. Alijibu kwamba ilikuwa mali ya hazina ya Waislamu, naye kawapa wanaostahili. Jibu hilo ni sahihi kwa sheria, lakini kwa sultani mwenye hazina tupu lilisikika kama ukaidi. Uhusiano wao haukupona. Sultani alimwitishia baraza la maulamaa lijadili uhalali wa samaa, mikutano ya kusikiliza kasida ambayo Wachishti waliipenda na wanasheria waliitilia shaka. Baraza halikumtia hatiani, na ugomvi ukabaki vile vile mpaka wote wawili walipofariki mwaka 1325.

Tukio hili linaonyesha kasoro ya kanuni ya Wachishti ambayo wenyewe hawakupenda kuisema. Kanuni ya kutoa kila kinachoingia humlinda shehe asinunuliwe, lakini haimlindi na swali la fedha zilitoka kwa nani. Futuhi haiulizi chanzo. Mnyang'anyi wa kiti akitoa, inapokelewa kama ya mchuuzi. Shehe wa Kisuhrawardi katika hali ile angefungua hazina, akahesabu, akarudisha, akabaki rafiki wa sultani mpya, na mafukara wasingeona kitu.

Kuenea, na nani anarithi

Multan ilirithishwa kwa damu: Zakariya, mwanawe Sadruddin, mjukuu wake Rukn-i Alam. Makhalifa wasio wa ukoo walikuwepo, na tawi la Uchch lililoanzia kwa Jalaluddin Bukhari lilikua likawa kitovu cha pili, lakini mamlaka ya Multan yalifuata ardhi na ghala, na ardhi hufuata mirathi. Mtandao wao ukawa mnene na wa karibu, kando ya Indus na mito yake.

Wachishti walirithisha kwa idhini. Farid alikuwa na watoto wa kiume, lakini nguvu ya tarika ilihamia kwa mwanafunzi wake Nizamuddin, na watoto wakabaki na kaburi la Ajodhan. Nizamuddin hakuoa. Alitoa ukhalifa kwa watu wengi na kuwasambaza. Akhi Siraj alikwenda Bengal. Kuelekea kusini walisukumwa na mkono wa serikali: Muhammad bin Tughluq alipoamuru wakubwa wa Delhi wahamie Daulatabad, kuanzia mwaka 1327, mashehe nao walihamishwa, akiwamo Burhanuddin Gharib ambaye watu wake walikita mizizi Khuldabad. Sultani hakukusudia kuieneza Chishtiya, lakini ndivyo ilivyokuwa, na iliwezekana kwa sababu khalifa wa Kichishti hakuhitaji kubeba ghala. Alihitaji idhini, joho, na ukumbi.

Udhaifu wa mtandao huo ni kukosa kichwa. Nasiruddin aliyeitwa Taa ya Delhi, mrithi wa Nizamuddin mjini humo, aliagiza kabla ya kufariki mwaka 1356 kwamba joho, bakora, tasbihi na bakuli alivyorithi vizikwe pamoja naye. Hakuona wa kumpa. Baada yake hakuna shehe mmoja aliyeweza kusema kwa niaba ya Wachishti wote, na kila mkoa ukaenda zake.

Zinavyoharibika

Uharibifu wa Multan ulikuja haraka. Rukn-i Alam alipofariki mwaka 1335 palizuka mzozo wa urithi, na mzozo wa mali huenda kwa hakimu. Hakimu akawa sultani Muhammad bin Tughluq, aliyempa khanka Shehe Hud, mmoja wa waliogombea. Tangu siku hiyo khanka ilikuwa kitu ambacho sultani kakitoa, basi anaweza kukichukua. Ibn Batuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliijua habari hii akiwa India, na ameandika kwamba liwali alimshtaki Hud kuwa yeye na jamaa zake wanakusanya mali na kuila kwa anasa, wala hawamlishi mtu yeyote katika zawiya. Angalia shtaka lenyewe: si uzushi, si uasi, bali jiko lisilopika. Mali ikachukuliwa, Hud akajaribu kukimbia nchi, akakamatwa na kuuawa. Zaidi ya miaka 70 baada ya Zakariya kumlisha liwali, liwali ndiye aliyefunga ghala.

Chishtiya iliharibika polepole, na kwa njia ya makaburi. Shehe aliye hai anaweza kukataa kijiji. Kaburi haliwezi. Lina wasimamizi, lina mazuwari, lina gharama za kuba na taa, na mtawala anayetaka baraka anajua pa kuzipata bila kukutana na mtu wa kumfungia mlango. Mfano ulio wazi ni Ajmer, alipozikwa Muinuddin, mwanzilishi wa tawi la India aliyefariki mwaka 1236. Mfalme Akbar wa Wamoghuli alizuru kaburi lile mara nyingi kati ya 1562 na 1579, na mwaka 1570 alitoka Agra kwa miguu kushukuru kwa kupata mtoto wa kiume. Kaburi alilipatia vijiji vya kuendesha jiko lake, na palipotokea mabishano kuhusu nani hasa ni wa ukoo wa Muinuddin, ni Akbar aliyeamua na kumwondoa msimamizi. Tarika iliyokataa hati ya kijiji ikawa na vijiji, na mfalme akawa anateua mlezi wa kaburi. Alitoa pia sufuria kubwa la kupikia mafukara, na mwanawe Jahangir akatoa jingine. Yote mawili bado yanapikiwa pale.

Tahadhari kabla ya kuchagua

Habari nyingi za Multan ya Zakariya, kama ile ya mitungi na ile ya sahani ya Qubacha, zimetufikia kupitia mazungumzo ya Nizamuddin yaliyoandikwa na muridi wake Amir Hasan kati ya 1308 na 1322. Maana yake ni kwamba Wasuhrawardi tunawaona kwa jicho la Mchishti. Jicho la heshima, ndiyo, lakini linalopenda kutaja fedha zao. Ukiandika kuhusu Multan, linganisha na masimulizi ya wanahistoria wa jumba la kifalme na ya Ibn Batuta, la sivyo utarudia kijembe ukidhani ni ukweli mtupu.

Kwa upande wa Chishtiya hatari ni maandiko ya kughushi. Kuna mikusanyo ya mazungumzo inayonasibishwa na Muinuddin, Qutbuddin aliyekuwa mwalimu wa Farid, na Farid mwenyewe. Nasiruddin mwenyewe alisema kwamba hakuna shehe yeyote katika silsila yao aliyetunga kitabu. Dalili za kuitambua iliyoghushiwa ni tarehe zisizokubaliana na umri wa watu, karama zinazofuatana kila ukurasa, na kukosekana kwa wageni wa kawaida wenye shida za kawaida. Katika kitabu cha Amir Hasan watu wanachelewa kwa mvua, wanaleta watoto wagonjwa na wanauliza maswali madogo ya swala.

Uchague ipi

Kama swali lako ni namna tarika inavyopatanisha raia na serikali, inavyofanya ubalozi, na jinsi mali ya wakfu inavyogeuka kuwa kamba, chukua Suhrawardiya, na ukomee Multan hadi kisa cha Hud. Ni habari fupi, ina mwanzo na mwisho, inatosha darsa moja.

Kama unauliza tarika inavyoenea mbali kwa watu wa chini na kujikinga na dola, chukua Chishtiya, lakini usikomee kwa Nizamuddin. Wengi hukomea hapo kwa sababu ni mahali pazuri pa kukomea. Nenda mpaka Ajmer ya Akbar, ili uone kanuni ile ile ilipokosa mtu wa kuisimamia.

Na kama unataka shehe aliyeingia siasani kwa miguu yote miwili, acha zote mbili uende Samarkand kwa tarika ya Wanakshabandi, kwa Khoja Ahrar aliyefariki mwaka 1490. Huyu alikuwa mmoja wa wenye ardhi wakubwa wa Asia ya Kati, wakulima wadogo waliweka mashamba yao chini ya jina lake ili wakwepe watoza kodi, na alimfanya mtawala aondoe ushuru wa biashara usiokubaliana na sheria. Walipoingia Wauzbeki wa Shaybani mwaka 1500, mwanawe Khoja Yahya aliuawa pamoja na watoto wake wawili, na mali ya ukoo ikanyang'anywa. Aliyekwisha kusoma Multan hatashangaa.